Kila posti na namba yake: mwongozo kamili wa kuweka alama za UTM kwenye viungo vya posti ulizozipangia saa

Dada yangu ana karakana ya kushona sare za shule huko Katuba, Lubumbashi. Alipanga posti 14 za mwezi wa nane kwa kutumia zana ya kupanga posti, akawasha kitufe cha kuongeza alama za UTM kwenye viungo, yaani maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonyesha mgeni ametoka wapi, akasubiri. Mwisho wa mwezi akaniletea simu: "Yaya, ripoti inasema tu Facebook, Facebook, Facebook. Ni posti gani iliyoleta watu?" Hakukuwa na jibu. Alama zilikuwepo, lakini zilikuwa zilezile kwenye posti zote 14.

Kosa hili nimeliona kwa watu wengi sasa, na karibu kila mara chanzo ni kimoja. Kitufe cha zana huandika jina la mtandao na jina la kampeni. Hakiandiki ni posti ipi, mpaka wewe ukipe kitu cha kuitambulisha posti hiyo. Ndiyo maana katika mwongozo huu kazi ya kuweka alama tunaifanyia kwenye jedwali, siyo kwenye zana. Jedwali litatengeneza kiungo lenyewe, na kila posti itapata namba yake.

## Unachohitaji

- Tovuti yenye Google Analytics iliyokwisha kuunganishwa na inayohesabu wageni. Kama bado haihesabu, malizana na hilo kwanza.
- Akaunti ya Google ya kufungulia jedwali la Google Sheets.
- Zana yoyote unayopangia posti. Meta Business Suite ya bure inatosha kwa Facebook.
- Kompyuta kwa siku ya kwanza. Fomula inaandikika kwa simu, lakini utateseka bure.
- Simu yenye data ya mtandao, kwa ajili ya majaribio.

Tenga kama saa mbili kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo ni dakika moja kwa kila posti.

## Hatua ya 1: Zima alama za zana

Fungua mipangilio ya zana yako, tafuta sehemu ya ufuatiliaji wa viungo, uizime.

Sababu ni kwamba ukiacha jedwali na zana vyote viweke alama, kiungo kitatoka na `utm_source` mbili, moja yako na moja ya zana, na hutajua ni ipi iliyohesabiwa. Chagua mwenye kazi mmoja.

Umefaulu ukiweka kiungo kitupu kwenye posti ya majaribio na kikatoka kitupu vilevile.

## Hatua ya 2: Rekebisha saa

Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Mtu akifungua akaunti na kuchagua nchi tu, ni rahisi sana kubaki na saa ya Kinshasa. Kwenye Google Analytics ingia Admin, kisha Property, utazame saa: iwe GMT+02:00. Tazama na zana ya kupanga posti pia.

Ukiliacha hili, posti yako ya 19:00 itatoka 20:00, na ziara za usiku wa manane zitaandikwa kwenye siku isiyo yake. Badilisha leo, kwa sababu siku zilizopita hazitarekebishwa.

## Hatua ya 3: Tengeneza jedwali

Fungua jedwali jipya. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, safu nane:

- A: namba ya posti
- B: tarehe na saa
- C: mtandao
- D: kampeni
- E: kiungo safi
- F: kiungo chenye alama
- G: maneno ya posti
- H: posti kamili

Safu ya A ndiyo roho ya kazi yote. Andika `p101` kwenye A2, `p102` kwenye A3, kisha shika visanduku vyote viwili na uvute chini. Jedwali litaendelea lenyewe hadi p103, p104 na kuendelea. Naanzia 101 ili namba zote ziwe na tarakimu sawa, zisichanganyike zinapopangwa.

Usitumie fomula ya `ROW()` kupata namba, hata kama inaonekana ya haraka. Namba ya `ROW()` ni ya mstari, siyo ya posti. Siku utakapopanga jedwali upya kwa tarehe, au ukafuta mstari mmoja wa juu, namba zote zitahama. Posti iliyokwisha kutoka na namba 12 itasomeka 9 kwenye jedwali, na ripoti itakudanganya bila kukuonyesha kosa lolote. Namba iliyoandikwa haihami.

Kila mtandao una mstari wake. Picha ileile ikienda Facebook na WhatsApp, hizo ni posti mbili zenye namba mbili. Usitumie namba moja ukisema mtandao utazitofautisha, kwa maana utakuja kujuta utakapoweka picha ileile Facebook mara ya pili baada ya wiki.

Ili namba isijirudie, chagua safu ya A, weka uumbizaji wa masharti, yaani Conditional formatting, kwa fomula hii, na uipe rangi nyekundu:

```
=COUNTIF($A:$A;$A1)>1
```

Fomula ikikataa, soma maelezo ya hatua ya 6. Umefaulu ukiandika p101 mara mbili na visanduku vyote viwili vikawa vyekundu. Futa hiyo ya pili uendelee.

## Hatua ya 4: Funga safu za mtandao na kampeni

Google Analytics huhesabu herufi kubwa na ndogo kuwa vitu tofauti. `Facebook`, `facebook` na `FB` zitakuwa mistari mitatu kwenye ripoti, kila mmoja na vipande vya wageni wako. Dawa yake ni kutoandika kwa mkono.

Chagua safu ya C kuanzia C2, ingia Data, kisha Data validation, utengeneze orodha ya kuchagua yenye maneno `facebook`, `whatsapp` na `instagram`. Fanya hivyo kwenye safu ya D kwa majina ya kampeni zako. Weka sharti kwamba neno lisilo kwenye orodha likataliwe.

Majina ya kampeni yawe kwa herufi ndogo, bila nafasi, bila alama juu ya herufi. Andika `sare-rentree`, siyo `Sare Rentrée`. Ile é ikiingia kwenye kiungo hugeuka kuwa `%C3%A9`, na nafasi hugeuka kuwa `%20`. Kiungo kitafanya kazi, lakini ukikitazama hutakitambua, na anayekipokea anaweza kukiogopa.

Na kamwe usiweke jina wala namba ya simu ya mteja kwenye alama hizi. Kila anayepokea kiungo anazisoma, na Google yenyewe inakataza.

## Hatua ya 5: Weka kiungo safi

Fungua ukurasa unaotaka watu wafike, subiri umalize kufunguka, kisha nakili anwani kutoka juu ya kivinjari. Usiiandike kutoka kichwani.

Najua inaonekana ni jambo dogo. Lakini tovuti nyingi zina mwelekezo: ukiandika anwani yenye `http` inakupeleka kwenye `https`, ukiandika yenye `www` inakupeleka isiyo nayo. Katika ruka hiyo, tovuti nyingine huangusha kila kilichofuata alama ya kuuliza, na alama zako zote zinabaki njiani. Ukianza na anwani ya mwisho, hakuna ruka.

Kama anwani ina `#`, ikate kuanzia hapo. Alama zikikaa nyuma ya `#` huenda zisisomwe.

## Hatua ya 6: Fomula

Bofya F2 mara mbili ili uwe ndani ya kisanduku, kisha bandika hii:

```
=IF(OR(A2="";C2="";D2="";E2="");"";
E2&IF(ISNUMBER(FIND("?";E2));"&";"?")
&"utm_source="&C2&"&utm_medium=social"
&"&utm_campaign="&D2&"&utm_content="&A2)
```

Ngoja nieleze inachofanya, kwa sababu siku ikigoma utahitaji kujua.

Mstari wa kwanza unasema: kama namba, mtandao, kampeni au kiungo hakipo, usitoe kitu. Afadhali kisanduku kiwe kitupu kuliko kutoa kiungo nusu ambacho utakinakili bila kuona.

Mstari wa pili unaangalia kama kiungo kina alama ya kuuliza tayari. Tovuti nyingine zina anwani kama `?p=58`. Alama ya kuuliza huwekwa mara moja tu, vinavyofuata hushikwa na `&`. Hapa ndipo wengi wanaounganisha kwa mkono wanapoharibu.

Mistari miwili ya mwisho inaweka alama nne. Chanzo ni mtandao. Njia ni `social`, neno ambalo Google Analytics hulitambua na kuiweka ziara kwenye kundi la Organic Social. Ukiandika `posti` au neno lako mwenyewe, ziara zinaweza kuangukia Unassigned. Kampeni ni ya posti zote za jambo moja. Na `utm_content` ndiyo inayobeba namba ya posti, kile kitu ambacho dada yangu hakuwa nacho.

Fomula ikikataa: nimetumia nukta-mkato kati ya sehemu, kwa sababu akaunti nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, na jedwali la Kifaransa hutumia mkato kwa desimali. Kama lako limewekwa kwa Kiingereza na limegoma, badilisha kila `;` kuwa `,`. Na kama linalalamika kwamba halijui `IF`, ingia kwenye mipangilio ya jedwali na uwashe majina ya fomula ya Kiingereza.

Kwenye H2 weka:

```
=IF(F2="";"";G2&" "&F2)
```

Hii inaunganisha maneno na kiungo, tayari kunakiliwa. Nimetumia nafasi moja kati yake, si mstari mpya, na kuna sababu: kisanduku chenye mistari miwili ukikinakili kutoka Sheets na kukibandika kwingine, hufika kikiwa kimefungwa na alama za nukuu mwanzo na mwisho. Nimeshaona posti za biashara zimekaa na nukuu hizo kwa siku nzima. Basi andika maneno kwenye G bila kuruka mstari. Ukitaka kuruka, fanya ukiwa ndani ya zana.

Vuta F2 na H2 chini mpaka mstari wa 200.

Umefaulu ukijaza mstari wa kwanza na F2 ikatoa kitu kama hiki:

```
https://dukaletu.example/sare?utm_source=facebook&utm_medium=social&utm_campaign=sare-rentree&utm_content=p101
```

## Hatua ya 7: Panga posti

Nakili H2, bandika kwenye zana, weka picha na saa, hifadhi. Kisha rudi kwenye jedwali ukapake rangi mstari huo, ujue umekwisha kwenda.

Hapa pana mtego mkubwa, tena unawanasa hata wenye uzoefu. Kupunguza kazi, mtu huchukua posti ya jana, anabonyeza kunakili posti, anabadilisha maneno na kiungo. Kwa Facebook, kile kisanduku cha picha na kichwa cha habari kinachotokea chini ya maneno kimeshashika kiungo cha kwanza. Ukibadilisha kiungo ndani ya maneno kuwa p102, kisanduku bado kinabaki na p101. Na watu hubofya picha, hawabofyi maneno. Mwisho p101 inapata sifa zote na p102 inaonekana haikuleta mtu.

Kwa hiyo anza kila posti mpya kutoka mwanzo. Ukilazimika kunakili, futa kisanduku chote cha kiungo kwanza, kisha ubandike kipya na usubiri kisanduku kingine kitokee.

Kwa mitandao mingine miwili, mambo machache:

WhatsApp ya kawaida haina mahali pa kupanga saa, utatuma mwenyewe kwa wakati wake. Lakini mpe mstari wake kwenye jedwali kama posti nyingine. Ziara kutoka WhatsApp zisizo na alama mara nyingi huangukia kwenye kundi la Direct, pamoja na watu walioandika anwani yenyewe, na hapo hazitafutiki tena.

Instagram haibofyeshi kiungo kilichoandikwa chini ya picha. Usikiweke huko. Kiungo cha kwenye wasifu kipe namba yake moja, na ujue kwamba hicho kitakuambia wasifu umeleta wangapi, hakitakuambia ni picha ipi iliyowatuma huko. Kwenye stori, kibandiko cha kiungo kinabofyeka, nacho kipewe namba yake.

Ukitaka kufupisha kiungo, weka alama kwanza ndipo ufupishe, na kila namba iwe na kifupi chake.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kupanga nyingine zote

Panga posti moja itoke baada ya nusu saa. Ikitoka, chukua simu, zima wifi, tumia data, na ubofye picha ya posti, siyo maneno.

Ukurasa ukifunguka, tazama anwani juu. Facebook itakuwa imeongeza `fbclid` na herufi nyingi nyuma yake. Hiyo ni yao, iache. Unachotafuta ni `utm_content=p101`. Kama ukurasa umefunguka lakini alama hazipo, kuna mwelekezo unaoziangusha: rudi kwenye hatua ya 5.

Kisha fungua Google Analytics, ripoti ya Realtime. Kwenye kadi ya matukio bofya `page_view`, halafu `page_location`. Unapaswa kuona anwani yako nzima pamoja na alama zake ndani ya dakika chache. Ukiiona, kila kitu kinafanya kazi. Kama anwani kwenye simu iko sawa na Realtime haina kitu, tatizo si alama. Ni kwamba ukurasa huo hauna msimbo wa Analytics au haujamaliza kufunguka.

## Hatua ya 9: Soma ripoti

Subiri siku mbili. Takwimu kamili huchukua saa 24 hadi 48, na anayesoma asubuhi baada ya posti ya jioni hupata nusu ya habari.

Ingia Reports, Acquisition, Traffic acquisition. Bofya alama ya kujumlisha karibu na safu ya kwanza na uongeze Session manual ad content. Hapo ndipo p101, p102 na wenzake wanatokea. Ukiwa na kampeni nyingi, tumia kisanduku cha kutafuta kuandika p10 ubaki na p101 hadi p109 tu.

Tuchukue mfano. Tuseme dada yangu aliweka posti tatu: p101 Facebook, picha ya sare, p102 WhatsApp, picha hiyohiyo, p103 Facebook, orodha ya bei. Ripoti inaonyesha ziara 12, 41 na 0.

Sifuri ndiyo ya kuanza nayo, na usiisome kwamba watu hawakupenda bei. Posti ya Facebook inayoonekana na watu na ikapata sifuri kamili kwa kawaida ni kiungo kibovu. Tafuta posti yenyewe, bofya picha, tazama anwani. Ukikuta p101, ni mtego wa hatua ya 7: zile 12 ni za posti mbili zilizochanganyika, na hakuna njia ya kuzitenganisha tena. Andika hivyo kwenye jedwali, urekebishe, upange p104.

Zile 41 za WhatsApp nazo zisome kwa uangalifu. Alama husafiri na kiungo. Mama aliyekiona Facebook akakinakili na kukituma kwenye kundi la wazazi wa Kamalondo, wote watakaobofya huko wataandikwa Facebook, p101. Kwa hiyo namba inakuambia kiungo kilizaliwa wapi. Haikuambii kila mara mtu amekibofyea wapi. Kwa swali la "posti gani ilianzisha" hilo ni jibu zuri. Kwa swali la "mtandao gani una watu wengi" ni jibu la kukisia.

Usishangae pia Facebook ikisema wamebofya 20 na wewe ukaona 12. Facebook huhesabu kidole kilipogusa. Analytics huhesabu ukurasa ulipofunguka kiasi cha msimbo kufanya kazi. Katikati hapo kuna mtu wa Ruashi ambaye mtandao umemshinda akarudi nyuma kabla picha haijatokea. Pengo likiwa kubwa sana, kama nusu ya watu, pima uzito wa picha za ukurasa huo kabla ya kulaumu alama.

Na wapo ambao hutawaona kabisa: wanaopiga picha ya skrini ya posti na kukuandikia moja kwa moja wakiuliza bei. Kwa hao, dada yangu sasa ameandika namba ya posti kwa herufi ndogo kwenye kona ya kila picha. Picha ya skrini ikifika kwenye WhatsApp yake, anatazama kona, anasoma p107, na anaweka alama moja kwenye safu mpya ya I, kwenye mstari wa posti hiyo.